Sekunde 20 za kwanza mbele ya mwenye fedha

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo wanaojiandaa kukutana na wawekezaji, Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu.

Mama zangu, papa zangu, vijana, mlipokuwa mnaingia nilisimama pale mlangoni nikamsalimu kila mmoja kwa mkono. Wengine mlinishangaa kidogo, maana mgeni wa kuzungumza kwa kawaida huingia wa mwisho. Nilikuwa na sababu yangu, na nitaieleza mbele kidogo. Kwa sasa itoshe kwamba jina langu mmelipata, nami yenu nimeyapata, na salamu zimekwisha. Tuingie kazini.

Jumamosi mtakaa mbele ya watu wenye fedha zao, na kila mmoja wenu atapewa dakika 5. Nimeombwa nizungumze juu ya dakika hizo 5, lakini nimechagua kipande kimoja tu, sekunde 20 za kwanza, pale unapojitambulisha. Yanayofuata, yaani hesabu, soko, bei, wengi wenu mnayajua kuliko mimi. Kinachowaangusha watu ninaowaona ni kule kuanza.

Nianze na yaliyonipata. Mwaka 2014 nilitafuta fedha za kinu cha mahindi, nilitaka kukiweka Ruashi. Mahali nilikuwa nimepata, fundi nilikuwa naye, na bei ya mahindi niliifahamu msimu kwa msimu. Nikaingia kwenye chumba chenye watu wanne, nikawashukuru, nikasema majina yangu yote, nikasema nimesomea ualimu, nimefundisha hesabu miaka 6, nimekuwa mkuu wa masomo, nina watoto watatu. Nilidhani ninawaonyesha kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Papa mmoja mzee akainua kidole kwa upole akaniuliza, "Mwalimu, hiyo shule yenu iko wapi?" Alidhani nimekuja kuomba fedha za shule. Nikamwambia hapana, ni kinu. Akatikisa kichwa, lakini maswali yote yaliyofuata yalikuwa ya kumuuliza mwalimu: ratiba ya kazi itakuwaje, kinu nitakiachia nani nikiwa darasani. Shule nilikuwa nimeiacha miaka 2 kabla ya siku ile! Sikupata kitu.

Baadaye nilikuja kukaa upande wa pili wa meza. Kikundi cha wafanyabiashara wa mjini walikuwa wakiweka fedha pamoja na kuwasikiliza watu wanaotafuta mtaji, mimi nikawa mwandishi wao wa vikao. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa, na baada ya kikao kukusanya karatasi zilizobaki mezani. Karatasi zile ndizo zilizonifundisha mambo ninayowaambia leo. Kila msikilizaji alikuwa na karatasi yake, na juu kabisa, kabla ya hesabu zozote, karibu kila mara kulikuwa na mstari mmoja mfupi ulioandikwa mtu alipokuwa bado anajitambulisha. "Sabuni, Kampemba." "Kijana wa ng'ombe wa maziwa." Au "injinia?" na alama ya kuuliza. Au mstari mtupu.

Mstari ule ukishaandikwa, mengine yote yanasikilizwa kupitia humo. Aliyeandikwa "injinia?" ataulizwa mambo ya mashine hata kama tatizo lake ni soko. Aliyeachiwa mstari mtupu, watu wanamsikiliza huku bado wanatafuta wamweke wapi, na dakika ya tatu utaona mmoja anashika simu. Watafiti wamelipima jambo hili la kuhukumu mapema. Mwaka 1993 Nalini Ambady na Robert Rosenthal waliwaonyesha watu wasiowafahamu walimu fulani vipande vya video visivyo na sauti, vya sekunde 30 kwa jumla kwa kila mwalimu. Maksi walizowapa walimu wale zilikaribiana na zile walizopewa na wanafunzi waliosoma nao muhula mzima. Sisemi kwamba hukumu ya haraka ni ya haki. Ninasema inatolewa, na inatolewa mapema kuliko tunavyotaka.

Kwa hiyo, sekunde 20 zile zina kazi moja, kumwandikisha msikilizaji mstari ulio sahihi. Fedha hazitolewi hapo. Hapo mtu anaamua tu atakusikiliza kama nani.

Sasa nitawaonyesha kwa mtu mmoja, hatua kwa hatua. Ni mama wa hapa hapa Lubumbashi, amenipa ruhusa ya kueleza kazi yake, ila jina lake ninabaki nalo. Nitamwita Fulani.

Kazi yake mnaweza kuielewa bila maelezo marefu. Mama anayeuza samaki soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, ananunua katoni ya samaki wa tomsoni asubuhi, imeganda. Jioni kinabaki kiasi kwenye beseni. Nyumbani ana friji au hana, na hata kama anayo umeme unakatika, kwa hiyo samaki wa jioni anamtupa kwa bei yoyote. Fulani alinunua friza za sanduku, zile zinazofunguliwa kwa juu, akaziunganisha na paneli za sola na betri, akaziweka kwenye chumba karibu na soko. Mama analaza beseni lake usiku, asubuhi analichukua, analipa franka 1,500. Hayo ndiyo yote. Ni biashara nzuri, na mtu yeyote anayejua soko lile anaishika mara moja.

Lakini sikilizeni alivyojitambulisha siku ya kwanza alipokuja kwangu kufanya mazoezi. Nilimrekodi kwa simu, kisha nikaandika neno kwa neno:

"Waheshimiwa wawekezaji, mabibi na mabwana, kila mmoja kwa cheo na wadhifa wake, ninayo furaha kubwa na heshima isiyo na kifani kusimama mbele yenu mchana wa leo. Kwa majina naitwa Fulani Fulani Fulani, ni mama wa watoto wanne, nina shahada ya uhasibu, na ni mwanzilishi na mkurugenzi mkuu wa kampuni yenye maono ya kuchangia maendeleo endelevu ya…"

Nikasimamisha simu kwenye "endelevu ya". Zilikuwa zimepita sekunde 24. Kwenye chumba nilikuwa nimemweka jirani yangu, fundi wa viatu asiyejua lolote juu ya mama huyu. Nikamuuliza, "Huyu anauza nini, na anamuuzia nani?" Akafikiri, akajibu, "Ni mhasibu. Labda yuko na shirika."

Mnaona alivyoandikwa: "mhasibu, shirika." Na kosa si la fundi, amejibu sawasawa na alichosikia.

Tuzichambue sekunde zile 24. Karibu nusu zimekwenda kwenye salamu. Hapa ninataka tuelewane, kwa sababu kuna vitabu vya watu wa mbali vinavyofundisha kuanza bila salamu, na kwetu anayeanza bila salamu anaonekana hajalelewa. Ukiwa na wazee mbele yako, na wengi wa wenye fedha ni wazee, ukaruka salamu, mstari wako kwenye karatasi utakuwa "hana adabu." Dawa ni kuzitoa salamu nje ya saa. Ufike mapema. Simama mlangoni au karibu na meza, uwasalimu mmoja mmoja kwa mkono, kama nilivyofanya leo: "Jambo papa, mimi ni Fulani, wa friza za samaki." Mzee atakuuliza habari ya nyumbani, utamjibu, hakuna anayehesabu sekunde. Ukiitwa kusimama, unasema "Jambo yenu" na unaendelea, na hakuna atakayekuona mkavu kwa sababu mkono wako bado wanaukumbuka. Tena jina lako litakuwa linasikika mara ya pili, na jina linalosikika mara ya pili ndilo linaloshikwa.

Na majina. Sisi Wakongomani karatasi zetu zina majina matatu. Mwaka 1972, enzi za Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku tukachukua postnom, jina la asili linalofuata jina lako, na majina ya ubatizo yaliporudi, tukabaki na yote. Ni urithi wetu, ninaupenda. Lakini mtu akitajiwa majina matatu mfululizo na mgeni, hashiki hata moja. Chagua lile unalotaka aliandike, ulitaje peke yake, polepole, halafu nyamaza kidogo. Majina kamili yapo kwenye karatasi utakayowaachia, pamoja na namba ya usajili ya RCCM na mengine ya sheria.

Baada ya majina zilikuja shahada na watoto, na cheo. Mkurugenzi mkuu wa kampuni yenye watu wawili, mwenye fedha anajua maana yake. Shahada ya uhasibu itakuwa na thamani kubwa atakapoulizwa hesabu zake zinaandikwa vipi. Kwenye sekunde ya 15 inafanya kazi moja tu, inamgeuza muuza ubaridi kuwa mhasibu. Ilinipata mimi na ualimu wangu. Kila kitu unachotaja mapema kinagombania mstari ule, na kinachotangulia ndicho kinachoshinda. Watoto wanne ni baraka, mama, lakini hapo wanachukua nafasi ya friza.

Alipoondoka nilimpa kazi ya kuandika upya. Aliporudi baada ya siku tatu, alikuwa amesikia mahali kwamba lazima uanze kwa swali la kushtua. Akaanza hivi: "Je, mnajua kwamba kila usiku katika mji wetu samaki wengi sana wanaoza kwa sababu ya kukatika kwa umeme?" Alilisema vizuri, kwa sauti nzuri. Lakini tatizo jipya likaingia. Sekunde ya 8 bado hatujui anayezungumza ni nani. Na swali lile linamwachia msikilizaji nafasi ya kulijibu kichwani, na jibu lake si lazima liwe lako. Fundi wangu wa viatu alisema baadaye kwamba aliposikia swali lile alianza kuwaza juu ya umeme wa nyumbani kwake, siku tatu haujawaka. Fulani alikuwa anazungumza, fundi yuko kwake anawasha mshumaa. Halafu "samaki wengi sana" ni wangapi? Nani aliwahesabu? Ukianza na jambo usiloweza kulithibitisha, unamfundisha msikilizaji kukutilia shaka kabla hujafika kwenye jambo unaloweza.

Tukakaa chini, mimi na yeye, na kalamu. Nikamwambia ajibu mambo matatu tu kwa mdomo, kama anayemjibu shangazi yake: unafanya nini, unamfanyia nani, na kwa nini niamini kwamba kweli kinafanyika. La nne, kama nafasi ipo, ni kwa nini wewe na si mwingine. Ikatoka hivi:

"Naitwa Fulani. Ninawakodishia mama wauza samaki wa soko la Kenya friza za sola, ili samaki wa jioni wasioze umeme ukikatika. Nina friza tano, na mama thelathini na wanane wanalipa kila usiku kwa miezi kumi na moja sasa. Mimi mwenyewe niliuza samaki pale miaka tisa."

Neno "kuwakodishia" lina kazi kubwa humo ndani. Mwanzoni alisema "ninawasaidia mama wauza samaki." Mnalijua neno hilo, kila mtu Kongo anasaidia mtu. Ukisema "ninawasaidia", mwenye fedha anaandika "shirika" na anafunga pochi, au anafungua ile ya sadaka, ambayo ni ndogo. Kitenzi lazima kionyeshe fedha inatoka wapi kwenda wapi. Kuuza, kukodisha, kukarabati, kusafirisha, kusaga. Ukisema "ninasaga", anajua kuna mtu anayelipa kusagiwa.

Tukapima, sekunde 23. Zimezidi, na sababu yake ilinishangaza hata mimi. Zilikuwa zimeliwa na namba. Namba kwa Kiswahili ni ndefu. Kwenye karatasi 38 ni tarakimu 2, mdomoni "thelathini na wanane" ni silabi 8. "Kumi na moja" ni 5. Mtu anayejiandaa kwa kuandika haoni hilo, anaona namba fupi fupi nzuri. Mimi nikizungumza bila haraka, sekunde 20 zinanitosha maneno kama 36 au 40 ya Kiswahili, na namba zikiandikwa kwa maneno ndipo unajua umebaki na mangapi. Kwa hiyo andikeni namba zenu kwa maneno kabla ya kuhesabu. Tena namba nne kwa mkupuo hakuna anayezishika. Zibaki mbili.

Ipi iondoke? Fulani alitaka kubaki na friza tano, maana alizinunua kwa jasho, na ninamwelewa. Lakini friza tano ni kitu ambacho yeye amefanya na fedha yake. Wale mama thelathini na wanane ni watu wengine wanaofanya kitu na fedha yao, na mwenye fedha anamwamini mteja aliyelipa kuliko anavyomwamini mwenye duka. Friza tano zikaondoka, zitakuja dakika ya pili. Na "kwa miezi kumi na moja sasa" tukaifanya "tangu Machi." Maana inabaki ile ile, silabi zimepungua, na msikilizaji anahesabu miezi mwenyewe, jambo linalomfanya ashike zaidi.

Nilidhani tumemaliza. Nikamwita binamu yangu, mfanyabiashara wa saruji, mtu mgumu, nikamwomba amuulize swali la kwanza litakalomjia. Hakusita hata kidogo: "Mama wote thelathini na wanane wanalipa kila usiku?"

Fulani akanyamaza. Nikaona uso wake, nikajua. Akafungua mkoba akatoa daftari lake, la mistari, jalada la bluu limechakaa pembeni, na kila ukurasa una tarehe na majina na alama ya tiki kwa kila aliyelipa. Tukakaa saa nzima tunahesabu tiki. Waliowahi kulaza beseni walikuwa 38, kweli. Lakini wengine wanakuja siku za katoni nyingi tu, wengine wamekuja mara mbili wakaacha. Usiku wa kawaida, tiki zilikuwa 27.

Alihuzunika, aliona biashara yake imepungua karibu theluthi mbele ya macho yake. Mimi nilifurahi sana, na nikamweleza kwa nini. Mama 38 ilikuwa namba inayokufa kwenye swali la kwanza, na ikifa inaondoka na kila kitu kitakachofuata, maana msikilizaji atajiuliza zile nyingine nazo zikoje. Mama 27 ni namba yenye daftari nyuma yake. Akiulizwa "wote wanalipa?", anajibu ndiyo, anafungua ukurasa wowote. Kwa hiyo mnapochagua namba ya sekunde zile 20, mtafute mtu mgumu amuulize mwenye namba swali moja tu, la papo hapo. Namba ikiyumba, shuka hadi ile isiyoyumba, hata kama ni ndogo.

Ya mwisho ikawa hivi, na ninaomba mnisikilize kwa saa zenu:

"Naitwa Fulani. Ninawakodishia mama wauza samaki wa soko la Kenya friza za sola, ili samaki wa jioni wasioze umeme ukikatika. Usiku wa kawaida, mama ishirini na saba wanalipa, tangu Machi. Mimi mwenyewe niliuza samaki pale miaka tisa."

Maneno 37, sekunde 19 kwa sauti yake, pamoja na kile kituo baada ya jina. Fundi wa viatu alipoulizwa akajibu, "Ana friza za sola, anakodisha kwa mama wa samaki, ishirini na kitu wanalipa." Hakukumbuka 27 kamili, na haina shida, amekumbuka kwamba wanalipa.

Mtaona hakutaja anaomba kiasi gani. Wenzangu wengine wanafundisha kitajwe mapema. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa hapa kwetu. Ukitaja dola elfu kadhaa kabla msikilizaji hajajua kazi yako, anaanza kupima ukubwa wa fedha badala ya ukubwa wa biashara, na kila neno linalofuata analisikia kama sababu ya kuombwa. Kiasi kina mahali pake, mwishoni, pamoja na kila franka itakwenda wapi.

Nina neno kwa akina mama na akina dada humu ndani, na sitaki kulipitia haraka. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Watu walisikilizishwa maelezo ya biashara, maneno yale yale, mara yakisomwa kwa sauti ya mwanamume, mara kwa sauti ya mwanamke. Kama 68 kati ya 100 walichagua ile ya sauti ya mwanamume. Maneno yale yale! Linaniumiza kila ninapolisema, kwa sababu nimekaa kwenye vyumba vile na nimeyaona kwa macho yangu. Sekunde 20 hazitaliponya jambo hilo, na sitawadanganya. Wala msijaribu kuifanya sauti iwe nzito, inasikika ni ya kuazima. Linaloweza kufanyika ni kuwahi: kitu cha kuhakikishwa, wale mama 27 wanaolipa, kifike kwenye masikio kabla hukumu haijakauka, ili anayekutilia shaka awe anatilia shaka daftari. Daftari haliangalii ni nani aliyelishika. Na ninyi akina papa mtakaokaa kwenye meza hizo siku moja, mkumbuke utafiti huu mkishika kalamu.

Sasa mwili. Sekunde hizi 20 ndizo ambazo woga uko juu kabisa. Kinywa kinakauka, pumzi inapanda kifuani, na ulimi unakimbia. Maneno yaliyochukua sekunde 19 nyumbani yanamalizika kwa 12, na hakuna aliyesikia kitu. Ndiyo maana ninawaomba mkariri sehemu hii tu, neno kwa neno, na msikariri zinazofuata. Anayekariri dakika zote 5 akipotea mahali pamoja anapotea kote. Anayekariri sekunde 20 ana daraja la kuvukia wakati woga ni mkali, akifika ng'ambo pumzi imerudi na anazungumza kama kawaida. Kabla ya kusema, toa pumzi yote nje kwanza, halafu acha nyingine iingie yenyewe. Wengi wanafanya kinyume, wanavuta pumzi kubwa na kuanza wakiwa wamejaa, sauti inatoka juu.

Jambo dogo la mikrofoni: neno la kwanza mara nyingi linapotea. Watu wanavuta viti, kifaa hakijafunguliwa, mkono hauko karibu na mdomo. "Jambo yenu" ndiyo iliyopewa kazi ya kupotea. Usiweke hapo jina lako, na namba ndiyo kabisa.

Na lugha. Jumamosi huenda mkazungumza Kifaransa, huenda kukawa na mtu kutoka Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, anayetaka Kiingereza. Andaeni sekunde 20 kwa kila lugha mtakayohitaji, lakini msitafsiri. Kaa na mtu anayeijua lugha hiyo vizuri, mweleze kazi yako, yeye akueleze kwa lugha yake, uandike alivyosema. Fulani alipotafsiri mwenyewe, "samaki wa jioni" wakageuka kuwa aina ya samaki wanaovuliwa jioni, na papa mmoja akataka kujua wanavuliwa ziwa gani.

Mtaniuliza ilikuwaje kwa Fulani mbele ya wawekezaji. Alifika mapema, akawasalimu. Alipomaliza kujitambulisha, kabla hajaingia kwenye hesabu, mmoja wao alimkatiza: "Hizo betri zinakaa miaka mingapi?" Nilikuwa nimekaa nyuma, moyo ulinipiga kwa furaha, kwa sababu hilo ni swali la mtu aliyekwisha elewa biashara na anatafuta mahali inapoweza kuvunjika. Alilijibu, wakaomba daftari, likazunguka mezani mkono kwa mkono. Siku ile hakupewa fedha. Baada ya wiki tano, walipokwisha kwenda sokoni wenyewe saa kumi na mbili jioni kuona mabeseni yakiingia, walimkopesha nusu ya alichoomba, kwa masharti ambayo alikaa siku mbili akiyasoma na shemeji yake kabla ya kutia sahihi. Betri zilikuwa swali la haki, na bado zinamsumbua. Baada ya kikao nilikusanya karatasi kama zamani. Juu ya moja palikuwa na maneno manne: "samaki, friza, daftari, muulize."

Haya. Simu yangu iko hapa, saa imefunguliwa. Naomba mama aliyekaa karibu na dirisha, mwenye kitambaa cha kijani, asimame. Papa uliyekaa pale mwisho, wewe humfahamu, sivyo? Vizuri, chukua karatasi na kalamu. Mama, toa pumzi kwanza. Nitainua mkono zikitimia 20, na papa atatusomea alichoandika.